Oda za duka la keki zifike jikoni haraka: nichungulie databesi au nibaki na webhuku?

fundi_wa_sinza
Wakuu habari za jioni. Nina mteja anauza keki na vitafunwa, duka liko Sinza, tovuti yake nimeijenga kwa WooCommerce na iko kwenye hostingi ya pamoja, ile ya bei chee. Oda kwa siku ni 60 mpaka 90, Ijumaa na Jumamosi zinagonga mpaka 150. Anachotaka ni mtu akishalipa tu karatasi itoke kwenye printa ya risiti jikoni, pasiwe na mtu wa kukaa anatazama simu. Jikoni nimeweka Raspberry Pi imeunganishwa na hiyo printa.

Nilianza na webhuku. Tovuti inatuma kwa ka-VPS kangu kadogo, Pi inachukua kutoka pale. Wiki tatu safi kabisa mpaka nikaanza kutamba. Jumamosi iliyopita jioni diski ya VPS ikajaa, ikawa inajibu 500 kwa kama dakika arobaini, nikafuta logi, ikarudi, nikaenda zangu kulala. Jumapili saa nne asubuhi mama mwenye duka ananipigia, kuna baba amesimama kaunta na suti yake anadai keki ya kipaimara aliyolipia jana usiku na jikoni hawana habari nayo. Kuhesabu, oda 11 hazikutoka. Nikafungua mipangilio ya WooCommerce kwenye Webhooks nakuta imeandikwa Disabled. Sikuizima mimi na mama hajui hata ukurasa huo uko wapi.

Sasa nataka niachane nayo niandike skripti inayochungulia databesi kila sekunde 3. Jamaa yangu ananicheka eti poling ni mambo ya kizamani. Mnasemaje?

webhuku_daima
Jamaa yako yuko sahihi mkuu. Kila sekunde 3 ni maswali 28,800 kwa siku kwa ajili ya oda 90, hiyo ni sawa na kumpigia simu mwenye nyumba kila dakika unamuuliza mgeni amefika? Mgeni akifika atagonga mwenyewe. Webhuku inakuja papo hapo na haisumbui seva. Tatizo lako ni VPS iliyojaa, webhuku haina kosa. Weka diski kubwa, na kama seva ikianguka si itarudia kutuma tu ikiamka.

BiFoleni
Hapo kwenye "itarudia kutuma" ndipo pana shimo, na ndilo alilodumbukia huyu ndugu.

Kila mfumo una tabia yake ya webhuku. Ipo inayorudia masaa na masaa, WooCommerce hairudii. Inatuma mara moja, ikipata jibu baya inaandika kwenye logi kwamba imeshindwa na inaendelea na maisha. Halafu inahesabu: ikishindwa mfululizo zaidi ya mara tano inaizima hiyo webhuku yenyewe na haitaiwasha tena mpaka mtu aingie aibonyeze. Ndiyo maana VPS yako ilirudi salama baada ya dakika arobaini lakini oda ziliendelea kupotea usiku kucha, wewe ulikuwa umefungua mlango na mgeni ameshaamua hagongi tena. Na hizo tano zinafika haraka kuliko unavyodhani, maana webhuku ya order.updated haitumi mara moja tu kwa oda, kila oda inapobadilika ni tukio jingine, kwa hiyo oda mbili tatu za Jumamosi jioni zinatosha.

Nikuulize kabla hujaandika skripti. Jikoni wanahitaji haraka kiasi gani? Keki inaokwa saa nzima. Karatasi ikichelewa sekunde 20 kuna atakayejua?

fundi_wa_sinza
Dada Foleni umenifungua macho, kumbe ni tabia yake. Nimeangalia logi kweli zimeshindwa saba mfululizo halafu kimya.

Haraka kiasi gani... nimemuuliza mama, anasema hata dakika moja sawa, ila isipotee. Cha ajabu hata kabla ya Jumamosi kuna oda za usiku zilikuwa zinachelewa, moja ilichukua dakika 14 na seva ilikuwa nzima. Ila kila nikijaribu mwenyewe mchana inatoka ndani ya sekunde mbili tatu. Nikajua ni mtandao wa dukani.

BiFoleni
Siyo mtandao. Ulipokuwa unajaribu ulikuwa umefungua wp-admin kwenye kioo cha pili, kweli si kweli?

WooCommerce haitumi webhuku palepale mteja anapobonyeza kulipa, kwa sababu ikifanya hivyo mteja atasubiri mpaka seva yako ijibu. Inaiweka kwenye foleni ya Action Scheduler, na foleni hiyo inasukumwa na WP-Cron, na WP-Cron siyo kroni ya kweli, inaamka pale mtu anapofungua ukurasa wa tovuti. Mchana kuna watu, inasukumwa. Saa nane usiku hakuna anayeangalia keki, foleni imekaa tu. Halafu ukiwa ndani ya wp-admin kuna msukumo wa ziada unaoamshwa na kurasa za msimamizi, ndiyo maana ukijaribu mwenyewe inaonekana kama radi. Wengi wamedanganyika hapo.

Dawa yake inajulikana, unazima ile ya kutegemea wageni kwenye `wp-config.php`:

```php
define('DISABLE_WP_CRON', true);
```

halafu kwenye paneli ya hostingi unaweka kroni ya kweli iite `wp-cron.php` kila dakika. Lakini ona sasa tumefika wapi, "papo hapo" ya webhuku imekuwa mpaka dakika nzima, na kinachoiendesha ni kitu kinachoamka kila dakika kuangalia kama kuna kazi. Poling ile ile, umeihamishia upande wa pili wa ukuta.

webhuku_daima
Hiyo ni WordPress tu. Kwenye mfumo ulioandikwa vizuri webhuku ni sekunde. Na kuna filta ya kuilazimisha itume hapohapo bila foleni.

BiFoleni
Ipo, `woocommerce_webhook_deliver_async` ukirudisha false. Na siku VPS yake ikining'inia, mteja anayelipa anakaa anaangalia duara linazunguka kwa sababu WooCommerce inasubiri jibu mpaka sekunde 60. Hapo unahatarisha malipo ili karatasi iwahi jikoni. Mimi siifanyi.

nakuru_dukani
Mimi niko Nakuru nauza vipuri vya pikipiki na hii shida naijua sana, ni ile kolbaki ya M-Pesa. Unatuma STK Push, mteja anaweka PIN, pesa inatoka kwake, na kolbaki haifiki kwako. Nilikuwa nangoja kolbaki peke yake, nikawa na wateja wananionyesha SMS ya kukatwa pesa na kwangu oda inasema haijalipwa. Sasa nafanya hivi, nikituma naweka ile `CheckoutRequestID`, nikikaa sekunde 30 bila kolbaki nauliza mwenyewe kwa stkpushquery. Ikija ResultCode 0 naendelea, ikija 1032 najua alikataa mwenyewe. Kwa hiyo jibu langu ni badilisha jinsi unavyopokea malipo.

fundi_wa_sinza
Asante kaka wa Nakuru ila malipo yangu yako sawa, oda inageuka kuwa processing vizuri, shida ni kutoka hapo kwenda jikoni.

karani_wa_data
Msimpuuze wa Nakuru, hajajibu swali ila amesema kitu. Anaitumia kolbaki kama kengele, lakini anapotaka kujua ukweli anaenda kuuliza mwenyewe.

Mimi nilikuwa nachungulia databesi ya duka la mtu, nasoma wp_posts natafuta post_type ya shop_order. Ikaenda mwaka mzima. Siku moja wakahamisha duka kwenye mpangilio mpya wa oda, ule wa HPOS, skripti yangu haikutoa kosa hata moja, iliuliza ikajibiwa sifuri, ikauliza ikajibiwa sifuri, siku mbili. Oda zimehamia wp_wc_orders na kule zamani zimeachwa alama tu za shop_order_placehold. Kwa hiyo fundi ukichungulia databesi ya mfumo usiouandika wewe, jua umejifunga kwenye meza za watu. Duka jipya lililowekwa tangu WooCommerce 8.2 ya mwaka 2023 lina HPOS kwa kawaida, angalia kwanza lako liko upande gani.

fundi_wa_sinza
Langu ni HPOS, nimeona wp_wc_orders ina data.

Nimeandika ya majaribio kwa Python kwenye kompyuta yangu nikiwa na nakala ya databesi. Wazo ni kukumbuka namba ya oda ya mwisho na kuuliza zilizo juu yake. Lakini kuna mzimu humu: ikianza inaona oda zote, nikiongeza oda mpya kwa mkono haioni, nangoja dakika tano haioni, nikizima na kuwasha inaiona mara moja. Nimekaa nayo mpaka saa sita usiku.

```python
while True:
    cur.execute("SELECT id FROM wp_wc_orders WHERE id > %s", (mwisho,))
    for (oid,) in cur.fetchall():
        chapa(oid)
        mwisho = oid
    time.sleep(3)
```

BiFoleni
Mzimu huo una jina. MySQL kwa kawaida inakupa kiwango cha REPEATABLE READ, maana yake ukishasoma mara ya kwanza ndani ya transaksheni unapigiwa picha ya databesi, na kila ukisoma tena unaonyeshwa picha ileile. Madereva ya Python ya MySQL yanaanza na autocommit ikiwa imezimwa, kwa hiyo SELECT yako ya kwanza ilifungua transaksheni na hujaifunga mpaka leo. Lupu yako inatazama picha ya saa tatu usiku. Weka `conn.commit()` kabla ya kulala, au ufungue muunganisho na `autocommit=True`. Dalili yake daima ni hiyo, ukiwasha upya inaona.

Lakini hata ukirekebisha hilo, `id > mwisho` itakuangusha, na hili ni baya zaidi kwa sababu kwenye majaribio halionekani. Chukua oda 5012, mteja ameiunda saa mbili kamili usiku ila simu yake haina salio, iko pending. Saa mbili na dakika moja mwingine anaunda 5013 na analipa palepale. Skripti yako imeichapa 5013, mwisho = 5013. Saa mbili na robo wa kwanza amepata pesa amelipa, 5012 imekuwa processing. Nani ataiangalia? Umeshaipita. Na usiponiwekea sharti la hali kabisa, kama ulivyofanya hapo, basi unachapa hata ambazo hazijalipwa, jikoni wanaoka keki ya mtu aliyeghairi.

Namba ya oda inakuambia nani alianza kupanga foleni. Jikoni wanataka kujua nani amelipa.

karani_wa_data
Basi atumie date_updated_gmt badala ya id. Akumbuke tu hiyo ni GMT, saa tatu nyuma ya Dar. Mimi niliwahi kuilinganisha na saa ya kompyuta ya dukani, kila oda ikaonekana ya zamani.

webhuku_daima
Aha, ndio maana nasema poling ni mateso 😂 mara picha, mara namba, mara GMT.

BiFoleni
Saa ni bora kuliko namba ila nayo inavuja. Oda inaweza kuandikiwa 20:00:05 na transaksheni yake ikafungwa 20:00:08, wewe ukiwa umechungulia 20:00:06 na kuweka alama mbele yake. Watu wanarudi nyuma dakika kadhaa kila safari na kutupa walizokwisha kuziona, inafanya kazi, mpaka intaneti ya dukani ikatike masaa mawili na mtu alikuwa ameandika "dakika 15 zilizopita" kwenye swali lenyewe.

Kwa ukubwa wa duka hili mimi nisingekumbuka chochote kuhusu saa. Ningeuliza hali:

```sql
SELECT id FROM wp_wc_orders
WHERE type = 'shop_order' AND status = 'wc-processing';
```

Nipe zote zilizolipwa na hazijakamilika, kila safari, zote. Zitakuwa 40, siku mbaya 200, databesi haitajikuna hata. Kisha Pi iwe na ka-SQLite kake chenye meza moja ya namba za oda zilizokwisha kuchapwa, isiyomo humo inachapwa. Umeme ukikatika masaa matano, ukirudi swali la kwanza tu linaleta zote zilizokosekana. Hakuna cha kurudisha nyuma wala kukumbuka tulifika wapi. Oda 5012 ikilipwa hata kesho, itaingia kwenye orodha yenyewe.

fundi_wa_sinza
Hii nimeipenda. Swali, Pi iko dukani nyuma ya rauta ya kawaida, databesi iko kwenye hostingi na mlango wa 3306 umefungwa. Kwenye paneli kuna sehemu ya kuruhusu IP lakini IP ya dukani inabadilika kila rauta ikizimwa. Nifungue kwa wote na nenosiri refu?

karani_wa_data
USIFUNGUE KWA WOTE.

mzee_wa_rauta
Kwa nini kuzunguka hivyo. Printa si ina IP, weka webhuku itume moja kwa moja 192.168.1.50.

karani_wa_data
Mzee hiyo 192.168 ni ya ndani ya duka, seva iliyoko huko nje itaipataje? Na WordPress yenyewe inakataa kutuma webhuku kwenye anwani za ndani, inaichuja kabla hata haijajaribu.

mzee_wa_rauta
Kwangu camera zinafanya kazi hivyo.

BiFoleni
Camera umezifungulia mlango kwenye rauta yako, mzee wangu, ni habari nyingine.

Fundi, usiguse 3306. Andika faili moja la PHP likae kwenye hostingi hiyohiyo, lisipakie WordPress hata kidogo, lifungue databesi, liulize swali lile, litoe namba kwa JSON, na lidai tokeni kwenye kichwa cha ombi. Mpe mtumiaji wa databesi ruhusa ya SELECT peke yake. Pi ndiyo inayotoka nje kuuliza kwa HTTPS, kwa hiyo rauta haina neno na IP ikibadilika haina neno. Ungeweza kupitia REST ya WooCommerce, `/wp-json/wc/v3/orders?status=processing&per_page=100` ukisoma kurasa zote, ni salama zaidi siku meza zikihama, lakini kila ombi linaamsha WordPress nzima na plagini zake zote, na hostingi ya bei chee ukiiamsha kila sekunde 3 watakuandikia barua. Ukiuliza kila dakika, REST inatosha. Ukiuliza kila sekunde 10, faili dogo. Maombi 8,640 kwa siku ya swali jepesi namna hiyo hayamuumizi mtu.

Na ukitumia PHP, ule mzimu wa picha unaondoka wenyewe, kila ombi linafungua muunganisho wake na kuufunga.

karani_wa_data
Hapa mimi na wewe tunaachana dada. Ningechukua REST kila sekunde 30 na kulala. Faili lake dogo litamtesa siku wakibadilisha meza tena, na atakuwa ameshasahau liko wapi.

BiFoleni
Inawezekana. Ni duka lake.

webhuku_daima
Sawa nakubali kwa duka hili. Lakini akiwa na maduka 300 ya watu tofauti, atachungulia databesi 300? Huko databesi siyo zako na hawakupi.

BiFoleni
Huko ningekuwa upande wako tangu posti ya kwanza. Webhuku inaingia, naihifadhi kama ilivyo, najibu 200 kabla sijafanya lolote, halafu mara moja kwa saa napita kila duka kwa REST kuokota zilizodondoka.

fundi_wa_sinza
Mrejesho baada ya wiki mbili. Nimetumia faili la PHP, sekunde 10, SQLite kwenye Pi. Webhuku nimeizima. Alhamisi umeme ulikatika kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili kasorobo usiku, uliporudi Pi ikaamka ikatoa karatasi 9 mfululizo, mpishi akadhani imeharibika. Nimeweka na taa ndogo, Pi ikikosa jibu dakika mbili inawaka nyekundu, hilo nimeongeza mwenyewe kwa sababu ya yule baba wa suti.

Kilichobaki, Jumamosi oda moja imetoka mara mbili na wameoka keki mbili. Kwenye kodi nachapa kwanza halafu naandika kwenye SQLite kwamba imechapwa. Nadhani mtu alichomoa waya katikati. Nikigeuza, niandike kwanza ndipo nichape?

BiFoleni
Ukigeuza, waya ukichomolewa katikati oda imeandikwa imechapwa na karatasi haikutoka. Umerudi kwa baba wa suti. Acha kama ilivyo, ila kabla ya kuchapa andika "imeanza", baada ya kuchapa andika "imekwisha". Pi ikiamka ikikuta iliyoanza haikuisha, iichape tena na juu yake iandike NAKALA kwa herufi kubwa, jikoni wakague ukutani kama ipo.

mzee_wa_rauta
Printa yenyewe haiwezi kusema kama imechapa?

fundi_wa_sinza
Hii yangu ya USB inajibu karatasi ikiisha tu, na hata hilo siku nyingine halijibu. Mwenye uzoefu na printa inayorudisha jibu la kweli atuambie ni ipi, mama anataka kuongeza jiko la pili.